Kikohozi cha shenili: maswali tunayoulizwa na wenye mbwa wa Lubumbashi

Shule zikifunga mwezi wa 7, familia nyingi za hapa Lubumbashi husafiri, na mbwa hubaki kwa jirani, kwa ndugu, au shenilini. Ni miezi ya kipwa, baridi usiku na vumbi jekundu mchana. Ndiyo pia miezi ambayo watu wengi hufika kwenye kabine yetu wakisema: dokta, imbwa inakohoa. Tumejibu hapa yale yanayorudiwa zaidi, kwa wenye mbwa na kwa wale wanaolaza mbwa wa wengine.

Mbwa wangu anakohoa kama amekwamwa na mfupa. Nimtie mkono kooni nimtoe?

Hapana. Tunaanza na swali hili kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa kwako wewe mwenyewe.

Mbwa mwenye kikohozi cha shenili hukohoa kikavu, kwa sauti ya juu inayokwaruza kama ya bata bukini, mara nyingi mfululizo, kisha mwishoni hunyoosha shingo, hujikamua na kutema povu jeupe. Ukimtazama utaapa kwamba kuna kitu kooni. Lakini akimaliza tu, anatikisa kichwa na kurudi kwenye sahani yake. Mbwa aliyekwamwa kweli hushikwa ghafla, mara nyingi akiwa anakula. Hujikwangua mdomo kwa miguu, hupata shida ya kuvuta hewa, na hawezi kuendelea kula.

Kuna mbwa wa tatu, ambaye ndiye tunayemwogopa. Huyu hadondoki povu baada ya kukohoa tu, bali mate yanamtiririka muda wote. Taya la chini limelegea, sauti ya kubweka imebadilika, anataka kunywa maji na hawezi kumeza. Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa, na Kongo bado tunacho. Watu wengi wameingiza mkono mdomoni mwa mbwa wa namna hiyo wakitafuta mfupa. Ukimwona hivyo, mfungie peke yake bila kumgusa, uite veterinere. Na kama amekwisha kukung'ata, au mate yake yameingia kwenye kidonda chako, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kikohozi cha shenili ni ugonjwa gani hasa?

Si ugonjwa wa kijidudu kimoja. Mara nyingi ni bakteria iitwayo bordetela pamoja na virusi kama parainfluenza au adenovirusi ya aina ya 2, na wakati mwingine mikoplasma. Vinaweza kuingia pamoja au kimoja kikamfungulia mwenzake njia.

Ukuta wa ndani wa bomba la pumzi una vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kusukuma makamasi na vumbi kuelekea juu, yasishuke mapafuni. Bordetela hujishika kwenye vinyweleo hivyo na kuvilemaza. Kuanzia hapo uchafu haupandi tena wenyewe, na mbwa hubaki na njia moja tu ya kuutoa, yaani kukohoa. Ukuta uliojeruhiwa huhitaji majuma kadhaa kujijenga upya, na ndiyo maana mbwa anaweza kuendelea kukohoa hata baada ya ugonjwa wenyewe kutulia. Mbwa mzima mwenye afya kwa kawaida hupona ndani ya juma 1 hadi 3.

Kwa hiyo jambo la kujali si kikohozi chenyewe tu. Mlango wa mapafu umebaki bila mlinzi kwa siku hizo zote, na swali ni kama kitu kingine kitapita.

Alikuwa mzima nilipomwacha shenilini. Kwa nini mnasema huenda yeye ndiye aliyeleta?

Kwa sababu kati ya siku ya kuambukizwa na siku ya kukohoa kuna pengo, kwa kawaida siku 3 hadi 10, na pengine hufika 14. Ndani ya pengo hilo mbwa anakula, anacheza, na tayari anaweza kutoa vijidudu. Tueleze kwa mfano mmoja hadi mwisho.

Shenili ina mbwa 14. Vizimba 8 vimepangwa mistari miwili inayotazamana chini ya paa moja, na vingine 6 viko nyuma ya ukuta, upande wa bustani. Jumatatu analetwa Bobi, mbwa wa miaka 2, mchangamfu, karine yake ya chanjo iko sawa. Kwenye parsele alikotoka kuna mtoto wa mbwa wa jirani aliyekuwa akikohoa wiki iliyopita, lakini hakuna aliyeuliza, na mwenye Bobi hakuona sababu ya kusema. Alhamisi usiku Bobi anaanza kukohoa. Mlinzi anasema ni mfupa wa kuku. Jumamosi ndipo anapohamishwa.

Kuanzia Jumatano ya juma la pili, mbwa 5 wa ile mistari miwili wanakohoa, na wale wanaotazamana na kizimba cha Bobi ndio walioanza. Hiyo ni njia ya hewa: kila kikohozi hurusha matone madogo hadi mita kadhaa, na vizimba vilivyotazamana huyapokea moja kwa moja. Upande wa bustani ni kimya. Halafu Jumapili mbwa 2 wa bustani nao wanaanza. Hao hawakuvuta hewa moja na Bobi. Walilishwa na kijana yule yule, kwa ndoo ile ile, baada ya yeye kuwapangusa pua wagonjwa kwa kitambaa alichokitia begani. Hiyo ni njia ya mikono, nguo na vyombo. Ukuta unazuia kikohozi lakini hauzuii ndoo.

Kati ya mbwa 8 waliokohoa, 7 walipona bila jambo kubwa. Wa 8 alikuwa mtoto wa miezi 4. Tutamrudia chini, kwa sababu yeye ndiye somo la pili la mfano huu.

Mimi ndiye mwenye shenili na kikohozi kimeingia. Nifanye nini leo?

Kwanza acha kupokea mbwa wapya. Najua ni msimu wa pesa, na kurudisha mteja mlangoni kunauma. Lakini kila mbwa mpya ni kuni mbichi, na kama wapya wanaendelea kuingia, ugonjwa hautaisha kwako hata ukisafisha usiku na mchana. Hesabu siku 14 tangu mbwa wa mwisho aanze kukohoa bila mwingine kufuata, ndipo ufungue.

Pili, gawa mbwa makundi matatu: wanaokohoa, waliokuwa karibu nao lakini bado hawakohoi, na wale ambao hawakukaribiana nao kabisa. Wengi hugawa mawili tu na kulisahau lile la katikati, ambalo ndilo linalobeba ugonjwa mbele. Kila kundi liwe na ndoo yake, fagio lake na sahani zake. Mfanyakazi aanze asubuhi kwa wasiokaribiana na wagonjwa, apite kwa wa katikati, amalizie kwa wanaokohoa, kisha anawe kwa sabuni na kubadilisha nguo. Akirudi nyuma kwa sababu amesahau kitu, kazi yote ya asubuhi imepotea. Wamiliki wote wapigiwe simu, hata wale ambao mbwa wao hawakohoi bado.

Tatu, hewa. Kwa kuogopa baridi ya mwezi wa 7 watu hufunga madirisha yote na kuwasha mbabula ndani. Hakuna njia bora zaidi ya kusambaza kikohozi, na moshi wa makala wenyewe ni hatari kwa mbwa na kwa mlinzi anayelala humo. Fungua pande mbili zinazokabiliana ili hewa ipite, na mbwa uwape magunia makavu ya kulalia.

Nne, maji ya javeli. Hapa kosa tunaloliona kila mahali ni kumwaga javeli juu ya uchafu. Javeli haiui kitu chini ya mavi na manyoya, na ikikutana na mkojo hutoa mvuke mkali unaochoma koo la mbwa ambaye tayari anaumwa koo. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, kisha paka javeli iliyochanganywa, kama ni ile ya kawaida ya nyumbani ya asilimia 5, kipimo cha mililita 30 katika lita 1 ya maji. Iache dakika 10 sakafu ikiwa imelowa, suuza tena, kausha, ndipo umrudishe mbwa. Changanya mpya kila siku, kwa sababu ile ya jana imekwisha kupungua nguvu.

Amechanjwa, karine ninayo. Mbona amekohoa?

Fungua karine usome kibandiko. Mara nyingi utakuta DHPPi au CHPPi. Herufi Pi ni parainfluenza, na ndani ya chanjo hiyo kuna pia kinga ya adenovirusi na ya ugonjwa wa Kare, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa wengi. Bordetela haimo. Chanjo ya bordetela ni nyingine, ya kudondoshewa puani, au ya sindano ambayo mara ya kwanza hutakiwa mara mbili, majuma machache kati yake. Ile ya puani huanza kukinga ndani ya siku chache. Ya sindano huchukua muda zaidi, kwa hiyo kumchanja mbwa asubuhi ya safari ni kupoteza pesa.

Hata aliyechanjwa zote anaweza kukohoa, kwa kuwa vijidudu ni vingi na chanjo hazivifuniki vyote. Tofauti ni kwamba aliyechanjwa huumwa kidogo na kwa siku chache. Jambo moja la kuwaambia wanaojichanjia nyumbani: chanjo ya puani haichomwi kwa sindano kamwe. Ikichomwa chini ya ngozi inaweza kuleta jipu baya, na hata kuharibu ini.

Kama hapa kwetu chanjo ya bordetela haipatikani siku unayoitaka, usiache ile ya Kare ukisema haina faida. Kwangu mimi, mbwa asiye na chanjo ya Kare hapaswi kupita geti la shenili yoyote, hata mwenye mbwa awe nani.

Nitajuaje kwamba kikohozi kimekuwa kikubwa?

Hesabu pumzi mbwa akiwa amelala usingizi. Si akiwa anahema kwa joto, si baada ya kumkimbilia mgeni. Tazama ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi 1. Hesabu sekunde 30 kwa simu yako, zidisha mara 2. Mbwa aliyelala hubaki chini ya 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya hapo, hesabu tena baada ya muda mfupi. Zikibaki juu, au zikipita 40, mlete bila kungoja kesho.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miezi 4. Siku tatu za kwanza alikohoa kama wenzake na alikula. Siku ya nne aliacha nusu ya chakula, na mlinzi akaandika kwenye daftari "amechoka". Siku ya tano kikohozi kilipungua, na hapo kila mtu akafurahi. Lakini kilikuwa kimebadilika: si kikavu tena, kilikuwa kizito chenye majimaji, na puani palikuwa na makamasi ya kijani. Alipolala, pumzi zilikuwa 52 kwa dakika. Joto lilikuwa 40.1, na kwa mbwa joto la kawaida ni kati ya 38 na 39.2. Ilikuwa nimonia. Alipewa antibiotiki, alikaa kwenye uangalizi, akaanza kula siku ya tatu ya dawa.

Angalia kwamba sauti peke yake ingewadanganya. Mbwa mwenye kikohozi cha kawaida hupiga kelele nyingi na kula vizuri. Mwenye nimonia mara nyingi ni mtulivu. Kelele ikipungua huku hamu ya kula nayo ikipungua, hiyo si nafuu. Na ukiona ufizi umekuwa wa bluu au kijivu, au mbwa anakaa amepanua viwiko na kunyoosha shingo akikataa kulala chini, usihesabu kitu, njoo moja kwa moja.

Wa kuchungwa zaidi ni watoto wa chini ya miezi 6, wazee, na wale wenye pua fupi ambao hata siku njema hupumua kwa tabu.

Ugonjwa wa Kare nao huanza kwa kikohozi?

Ndiyo, na mwanzoni huwezi kuutofautisha kwa sikio. Tazama yanayofuata: macho yenye usaha, makamasi mazito, homa, kuhara, na kwa baadhi yao ngozi ya pua na ya chini ya miguu kuwa ngumu na kupasuka. Majuma kadhaa baadaye, hata wakati mwenye mbwa anadhani ameshinda, misuli ya kichwa au mguu huanza kuruka yenyewe bila kusimama, au kifafa huingia. Hakuna dawa inayoua virusi vya Kare. Tunamsaidia mbwa kwa maji, chakula na kuzuia bakteria wanaoingia baadaye, na wengi hatuwaokoi.

Mahali pa kuhifadhia mbwa waliookotwa hapa ndipo penye shida kubwa. Watoto wa mbwa hukusanywa kutoka komini za Katuba, Kenya na Ruashi, hakuna anayejua chanjo zao, na kwa huruma wanawekwa kizimba kimoja ili wapashane joto. Ni bora walale kwa vifungu vya mama mmoja, wakichanjwa siku ile ile wanayoingia, hata kabla ya kuoga. Katika mahali pa namna hiyo, mtoto anayekohoa na kuhara pamoja tumchukulie kuwa ni Kare hadi ithibitishwe vingine.

Nimempa amoksisilini na sirop ya mtoto. Nimefanya vibaya?

Mbwa anayekohoa kikavu, anayekula na asiye na homa, kwa kawaida hahitaji antibiotiki katika siku 10 za kwanza. Mwili wake unamaliza wenyewe. Ikihitajika, kwa sababu ya homa, makamasi ya rangi au kikohozi kisichoisha, mara nyingi tunachagua doksisiklini, kwa kuwa amoksisilini ya famasi mara nyingi haishiki bordetela, na mikoplasma haiguswi nayo kabisa. Kipimo hutokana na uzito wa mbwa, kwa hiyo hatukiandiki hapa.

Sirop za watu acheni. Nyingine zina paracetamoli, nyingine zina sukari bandia ya ksilitoli ambayo ni sumu kwa mbwa hata kidogo. Ibuprofeni hutoboa tumbo lake na kuharibu figo. Na dawa ya kukata kikohozi ukimpa mbwa mwenye kikohozi cha majimaji, unamfungia uchafu mapafuni. Mpe mapumziko, chakula laini, maji safi, na umtoe kola ya shingoni. Akitoka atumie mkanda wa kifuani, kwa sababu kuvutwa shingo kunaanzisha kikohozi upya.

Wangu ana miaka 11, anakohoa usiku tu, na hajaenda shenili yoyote.

Basi labda tunazungumzia kitu kingine. Mzee anayekohoa usiku au akisisimka, anayechoka haraka kuliko zamani, huenda moyo wake umepanuka. Mbwa wadogo wa nyumbani nao hupata bomba la pumzi lililolegea, na kikohozi chake hufanana sana na cha shenili, ila hudumu miezi. Hao wanahitaji kusikilizwa kifua na kupigwa picha ya radio. Kikohozi chochote kilichopita juma la tatu tukione, hata kama mbwa anakula.

Watoto wangu wataambukizwa? Na paka?

Kwa watu ni nadra sana, na huwapata hasa wale ambao kinga yao imeshuka. Kama nyumbani kuna mtu wa namna hiyo, mwingine amhudumie mbwa. Paka wanaweza kushikwa na bordetela, hasa wadogo. Sungura na kobayi pia, na kobayi hufa kwa nimonia yake, kwa hiyo visogezwe mbali.

Amepona. Anaweza kurudi kucheza na wenzake lini?

Siku kikohozi kinapokoma si siku ya kufungua geti. Virusi vya parainfluenza hutoka kwa takriban siku 10, lakini bordetela mbwa wengine huendelea kuitoa kwa majuma mengi, mara chache hata miezi 3. Kumfungia miezi 3 haiwezekani, kwa hiyo tunakubaliana hivi: majuma 2 kamili tangu alipokohoa mara ya mwisho, bila shenili, bila mbwa wa jirani, bila sahani ya maji ya pamoja. Kama kwa jirani kuna watoto wa mbwa wasiomaliza chanjo, ongeza juma 1 au 2.

Na ukimrudisha shenilini mwezi wa 12, mwambie mwenye shenili kwamba alikohoa mwezi wa 7, na kama kuna mbwa yeyote aliyekohoa kwenye parsele yenu au ya jirani katika siku 14 zilizopita, mwambie hilo pia. Akikukataa kwa sababu hiyo, hiyo ndiyo shenili ya kumwachia mbwa wako safari ijayo.